Taa tatu zilizowaka pamoja: uchambuzi wa kisa cha kutengeneza flipflopu ya T kutokana na flipflopu ya D

Kisa hiki kilitokea katika maabara ya chuo kimoja cha ufundi, mahali ambapo wanafunzi watatu walipewa kazi ya kujenga kihesabio cha biti tatu kinachohesabu kutoka 0 hadi 7 kisha kurudi 0. Mchoro waliopewa ulitumia flipflopu, yaani saketi zinazokumbuka biti moja, za aina ya T, zile zenye ingizo moja ambalo likiwa 1 hali ya flipflopu inageuka kila pigo la saa linapofika, na likiwa 0 hali inabaki ilivyo. Kabatini hapakuwa na flipflopu ya T hata moja, na hilo si jambo la kushangaza, kwa kuwa katika familia ya chipu za 74 mtu anayetaka T kwa kawaida huitengeneza mwenyewe kwa kutumia flipflopu za aina nyingine, JK au D. Kilichokuwapo ni chipu za 74HC74, ambazo kila moja ina flipflopu mbili za D zinazofuata ukingo unaopanda wa saa, yaani huchukua thamani ya ingizo D pale saa inapotoka 0 kwenda 1, pamoja na 74HC08 yenye mageti manne ya AND na 74HC86 yenye mageti manne ya XOR. Umeme ulikuwa wa volti 5, na mapigo ya saa yalitoka kwenye taima ya 555 iliyopangwa kutoa takriban pigo moja kwa sekunde, ili macho yaweze kufuatilia taa inayoonyesha hali ya kila flipflopu.

Kihesabio kilipowashwa, taa zote tatu ziliwaka kwa pamoja. Pigo lililofuata likazizima zote kwa pamoja, na hivyo ndivyo ilivyoendelea: 000, 111, 000, 111. Wanafunzi walibadilisha chipu wakidhani moja imeungua, wakapunguza kasi ya saa wakidhani labda mapigo yanakuja haraka mno, wakakagua nyaya mara mbili. Hakuna kilichobadilika, na nyaya zilikuwa sahihi kabisa kulingana na mchoro walioutengeneza wao. Kosa lilikuwa ndani ya mchoro wenyewe, katika namna walivyoigeuza D kuwa T.

Njia waliyoitumia ni ile ambayo karibu kila mtu huifikia kwa akili tu, bila jedwali lolote. Waliunganisha Q', yaani kinyume cha tokeo la Q, kurudi kwenye ingizo D la flipflopu ileile. Kufanya hivyo ni sahihi kwa sehemu ya kwanza ya kazi, kwa maana D ikibeba kinyume cha hali iliyopo basi kila ukingo wa saa unapopanda flipflopu itachukua kinyume hicho na hali itageuka. Ikabaki sehemu ya pili: T ikiwa 0, hali isigeuke. Wakafikiri kwamba flipflopu isiyopata saa haiwezi kugeuka, kwa hiyo wakaipitisha saa kwenye geti la AND pamoja na T, na tokeo la geti hilo ndilo likawa saa ya flipflopu. T ikiwa 1 saa inapita, T ikiwa 0 saa inazuiwa.

Walijaribu flipflopu moja peke yake kwa swichi kabla ya kujenga kihesabio, nayo ikafanya kazi. Swichi ya T ikiwa juu, taa iligeuka kila pigo. Ikiwa chini, taa ilitulia. Jaribio hilo ndilo lililowapa imani isiyostahili, kwa sababu mkono wa binadamu hubadilisha swichi mara chache, na wao walikuwa na mazoea ya kungoja taa ya saa izimike ndipo waguse swichi. Hawakuijaribu hali ya T kubadilika wakati saa iko juu, na ndani ya kihesabio hali hiyo ndiyo inayotokea kila mara.

Tufuatilie pigo la kwanza. Katika kihesabio cha aina hii, flipflopu ya kwanza ina T0 = 1 daima, ya pili ina T1 = Q0, na ya tatu ina T2 = Q0·Q1. Tuanze na 000. Saa inapanda, na kwa kuwa T0 ni 1, flipflopu ya kwanza inapata ukingo wake na Q0 inageuka kutoka 0 kwenda 1. Mabadiliko hayo huchukua nanosekunde kadhaa tu baada ya saa kupanda, ilhali saa yenyewe inabaki juu kwa zaidi ya nusu sekunde. Sasa geti la AND la flipflopu ya pili lina maingizo mawili, saa na Q0. Saa tayari iko juu, na Q0 imepanda sasa hivi. Tokeo la geti linapanda pia, na flipflopu ya pili inaona ukingo unaopanda kama ukingo mwingine wowote. Haina namna ya kujua kwamba ukingo huo haukuletwa na saa bali umeletwa na T. Inageuka, Q1 inakuwa 1. Mara Q1 inapokuwa 1, geti la flipflopu ya tatu, ambalo lilikuwa likisubiri Q1 tu, nalo linapanda, na Q2 inakuwa 1. Kwa jicho la binadamu mambo hayo matatu yametokea kwa wakati mmoja: taa zote zimewaka.

Pigo la pili linaikuta hali ikiwa 111. Mageti yote yamefunguliwa, kwa hiyo saa inapopanda, flipflopu zote tatu zinapata ukingo karibu kwa wakati mmoja, na zote zinageuka kuwa 0. Kuna jambo la kuvutia hapa: Q0 inaposhuka, inafunga mageti yaliyoipitisha saa kwenda kwa wenzake, kwa hiyo pigo wanalolipata flipflopu ya pili na ya tatu ni jembamba mno, upana wake ukilingana na muda ambao flipflopu ya kwanza hutumia kugeuka. Pigo jembamba kiasi hicho kwa kawaida linatosha kuigeuza 74HC74, lakini liko karibu na mpaka ambao mtengenezaji wa chipu anaahidi, na chipu nyingine au joto jingine lingeweza kutoa tabia tofauti. Mtu akiona kihesabio kinachofanya 000 na 111 leo, kisha kesho kikafanya jambo jingine kwa nyaya zilezile, hapo asifikirie mizimu.

Sasa inaeleweka kwa nini kupunguza kasi ya saa hakukusaidia. Kosa la kasi hutokea pale mapigo yanapofuatana haraka kuliko mageti yanavyoweza kutoa majibu, na likipatikana hilo, dawa yake ni kwenda polepole. Hapa tatizo ni kwamba saa inakaa juu kwa muda mrefu kuliko Q0 inavyohitaji kubadilika, na kadiri unavyoipunguza kasi ndivyo muda huo unavyozidi kurefuka. Dalili hii pekee, kwamba hitilafu ni ileile kwa pigo moja kwa sekunde na kwa mapigo mia kwa sekunde, ingetosha kumwelekeza fundi kutazama njia ya saa badala ya kutazama kasi. Njia ya kuthibitisha ni rahisi na haihitaji osiloskopu: toa flipflopu moja nje ya kihesabio, shikilia saa iwe juu kwa waya uliounganishwa na volti 5, kisha ipandishe T kutoka 0 hadi 1. Flipflopu ya T ya kweli haitafanya lolote, kwa kuwa hakuna ukingo wa saa. Ya wanafunzi hawa iligeuka papo hapo, na kwa sababu swichi za kawaida hudundadunda zinapobonyezwa, wakati mwingine iligeuka mara tatu au nne.

Hapo ndipo jedwali la msisimko linapoingia. Jina lake linaweza kumtisha mtu bure. Flipflopu yoyote inaweza kuelezwa kwa njia mbili zinazotazamana. Jedwali la tabia linauliza: nikiipa ingizo hili, na hali yake ya sasa ni hii, hali yake ijayo itakuwa ipi? Jedwali la msisimko linaligeuza swali hilo: nikitaka hali itoke hapa iende pale, niipe ingizo gani? La kwanza linaitabiri flipflopu, la pili linaiamrisha. Kugeuza aina moja kuwa nyingine ni kuchukua tabia ya ile unayoitaka na kuitekeleza kwa amri za ile uliyonayo. Kwa hiyo jedwali la tabia ni la flipflopu unayoitaka, ambayo hapa ni T, na jedwali la msisimko ni la flipflopu iliyoko mezani, ambayo hapa ni D.

Kwa D, jedwali la msisimko ni jepesi kiasi kwamba watu hulidharau. Ukitaka hali ijayo iwe 0, mpe D = 0; ukitaka iwe 1, mpe D = 1. Hali ya sasa haihusiki. Tukiandika Q+ kwa maana ya hali ijayo, jedwali zima la kazi yetu linakuwa na safu nne tu. Nguzo tatu za kwanza zinatoka kwenye tabia ya T, na nguzo ya mwisho inatoka kwenye msisimko wa D:

```
T  Q  Q+   D
0  0  0    0
0  1  1    1
1  0  1    1
1  1  0    0
```

Safu mbili za juu zinasema T ikiwa 0 hali ibaki ilivyo, na mbili za chini zinasema T ikiwa 1 hali igeuke. Ukifunika nguzo ya Q+ na kuisoma D kama kitu kinachotegemea T na Q, utaona kwamba D ni 1 pale tu T na Q zinapotofautiana, na hiyo ndiyo maana ya geti la XOR. Hakuna haja ya ramani ya Karnaugh kwa jedwali dogo kama hili:

```
D = T ⊕ Q
```

Kinachopaswa kuangaliwa ni kile ambacho mlinganyo huu haukitaji, yaani saa. Jedwali la msisimko halina nguzo ya saa, kwa sababu linachukulia kwamba saa inaifikia flipflopu moja kwa moja na kwamba kila pigo huleta badiliko moja tu. Anayelifuata hawezi kuiwekea saa geti, kwa kuwa hakuna mahali ambapo jedwali linampa ruhusa hiyo. Wanafunzi wetu walipozuia hali isigeuke, walifanya hivyo kwa kuinyima flipflopu saa. XOR inaifikia hali hiyohiyo kwa njia nyingine: saa inapita kila mara, lakini T ikiwa 0, ingizo D linabeba Q yenyewe, kwa hiyo flipflopu inajiandika upya hali ileile iliyokuwa nayo. Kwa macho flipflopu imetulia, ingawa ndani yake imefanya kazi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokitenga kihesabio kinachohesabu na taa tatu zinazocheza pamoja.

Turudi kwenye kihesabio na kuweka T za kila hatua ndani ya mlinganyo. Flipflopu ya kwanza ina T0 = 1, na kitu chochote kikipitishwa kwenye XOR pamoja na 1 hugeuka kinyume chake, kwa hiyo D0 ni Q0' tu, ambayo chipu yenyewe inaitoa bila geti lolote. Zilizobaki zinaonekana hivi:

```
D0 = Q0'
D1 = Q0 ⊕ Q1
D2 = (Q0·Q1) ⊕ Q2
```

Mahitaji yote ni mageti mawili ya XOR na geti moja la AND, na saa moja inayofika kwenye flipflopu zote tatu bila kupita popote. Katika 74HC74 saa ya flipflopu ya kwanza ni pini ya 3 na ya pili ni pini ya 11. Ingizo D ni pini ya 2 na ya 12. Q ni pini ya 5 na ya 9. Q' ni pini ya 6 na ya 8. Katika 74HC86 geti la kwanza huingilia pini za 1 na 2 na kutokea pini ya 3.

Tujaribu pigo lile lililotutesa. Hali ni 000, kwa hiyo kabla saa haijapanda D0 ni 1, D1 ni 0 na D2 ni 0. Saa inapanda, flipflopu zote tatu zinachukua walichokikuta kwenye D, na hali inakuwa 001, tukiisoma Q2 kwanza. Baada ya hapo Q0 inapanda kama ilivyopanda mwanzo, na D1 inabadilika kuwa 1, lakini saa imekwisha kupanda na flipflopu ya pili haisikilizi tena D yake mpaka ukingo ujao. Mtu mwangalifu atauliza kama Q0 mpya haiwezi kuiwahi flipflopu ya pili kabla haijamaliza kuisoma D yake ya zamani. Chipu inataka D itulie kwa nanosekunde chache tu baada ya ukingo, ilhali Q0 mpya inalazimika kwanza kutoka ndani ya flipflopu ya kwanza kisha ipite kwenye geti la XOR, safari inayochukua muda mrefu zaidi ya huo. Ucheleweshaji uleule uliomponza mwenye kutia geti kwenye saa ndio unaomlinda mwenye kutia geti kwenye D.

Hali zote nane zinaweza kukaguliwa kwa karatasi katika dakika tano. Ningemshauri mtu akague angalau mbili zaidi, ile ya 011 na ile ya 111, kwa sababu ndizo ambamo biti zote tatu hugeuka kwa pamoja. Katika 011, D0 ni 0, D1 ni 1 ⊕ 1 yaani 0, na D2 ni 1 ⊕ 0 yaani 1, kwa hiyo hali ijayo ni 100, ambayo ni kutoka 3 kwenda 4. Katika 111 zote tatu zinakuwa 0, na kihesabio kinaanza upya.

Wanafunzi walipojenga upya, kihesabio kilihesabu, isipokuwa kwamba mara mojamoja kiliruka na kurudi 0 mtu alipopitisha mkono juu ya bodi. Hili lilikuwa jambo dogo na la kawaida: pini za kufuta na za kuweka 1, ambazo katika 74HC74 ni za 1, 4, 10 na 13 na hufanya kazi zikiwa chini, ziliachwa hewani. Chipu za familia ya HC hazina hali ya kujichagulia pini inapoachwa bila kitu. Inaelea na kuokota chochote kinachopita. Pini za kuweka 1 zikaunganishwa na volti 5, na za kufuta zikaunganishwa pamoja kwenye rezista ya kiloomu 10 kwenda volti 5 na kitufe kwenda ardhini, ili kihesabio kiweze kuanzishwa kutoka 0.

Kitufe hicho kina sababu kubwa kuliko urahisi. Mlinganyo D = T ⊕ Q unaijenga hali ijayo juu ya hali iliyopo, na hauna mchanganyiko wowote wa T unaoweza kuilazimisha Q iwe 0 bila kujua ilikuwa nini. Flipflopu ya D ya kawaida ukiipa D = 0 itakuwa 0 baada ya pigo moja, hata kama hukuijua hali yake ya mwanzo. Ya T hukumbuka daima ilikoanzia. Kwenye bodi halisi umeme ukiwaka flipflopu itaangukia 0 au 1, na kihesabio kitaanzia popote. Kwenye kompyuta, anayeiandika kwa lugha ya Verilog bila njia ya kufuta ataona kwenye skrini herufi x isiyoisha, kwa kuwa kiigizi hakijui Q ya mwanzo, na x ikipitishwa kwenye XOR pamoja na chochote hubaki x. Mistari mitatu inatosha kuondoa hali hiyo:

```
always @(posedge clk)
  if (rst) q <= 1'b0;
  else     q <= t ^ q;
```

Kundi jingine katika maabara hiyohiyo lilipata kihesabio sahihi mara ya kwanza, lakini nilipotazama daftari lao niligundua kwamba walikuwa wamebahatika. Walikuwa wameyabadilisha majedwali: walitumia tabia ya D na msisimko wa T, wakapata mlinganyo T = D ⊕ Q. Huo ni mlinganyo wa kutengeneza D kutokana na T, yaani kazi iliyo kinyume na waliyopewa. Kwa kuwa XOR haijali ni kipi kimetangulia, umbo la mzunguko linatoka lilelile: geti moja, Q ikiingia upande mmoja, ingizo la nje likiingia upande wa pili, tokeo likienda kwenye flipflopu. Wakaunganisha, ikafanya kazi, na hakuna aliyesoma herufi zilizoandikwa upande wa kushoto.

Niliwaomba watengeneze JK kutokana na D kwa njia ileile, na bahati ikaisha. Walirudi na J = D na K = D'. Milinganyo hiyo ni ya kweli, na ndiyo hutumika ukiwa na JK mkononi na unataka D. Lakini walipoichukua bodi ili waunganishe, walikuta kwamba 74HC74 haina pini ya J wala ya K. Hiyo ndiyo njia ya haraka zaidi ninayoijua ya kulitambua kosa hili: herufi iliyoko upande wa kushoto wa mlinganyo lazima iwe jina la pini iliyopo kwenye chipu unayoishika. Isipokuwepo, majedwali yamebadilishana nafasi, hata kama hesabu yote iliyofuata ni safi.

Ukilijaza jedwali kwa usahihi, tabia ya JK inatoa safu nane, kwa kuwa kuna J, K na Q, na nguzo ya D inanakili Q+:

```
J K Q   Q+ = D
0 0 0     0
0 0 1     1
0 1 0     0
0 1 1     0
1 0 0     1
1 0 1     1
1 1 0     1
1 1 1     0

D = J·Q' + K'·Q
```

Jibu hili linaweza kukaguliwa bila kurudia jedwali. Inajulikana kwamba JK yenye J na K zilizounganishwa pamoja ni T. Weka T mahali pa zote mbili na mlinganyo unakuwa T·Q' + T'·Q, ambao ni T ⊕ Q. Milinganyo miwili iliyopatikana kwa njia tofauti imekutana, na ukaguzi wa namna hiyo una thamani kuliko kupiga hesabu ileile mara ya pili.

Inafaa kutaja bei ya kazi hii pia. Mwenye JK angejenga kihesabio chetu kwa geti moja tu la AND, ilhali mwenye D amehitaji mageti mawili ya XOR zaidi. Jedwali la msisimko la JK lina nafasi nyingi zilizo huru: kwa mfano, hali ikitoka 0 kwenda 1, J lazima iwe 1 lakini K inaweza kuwa chochote, na uhuru huo ndio unaopunguza mageti. Jedwali la D halina nafasi huru hata moja, kila safu inadai thamani yake. D ni rahisi kufikiria na ghali kidogo kuunganisha.

Kuna mpaka mmoja ambao jedwali halitamwonyesha mtu. Kila nilichokisema kinategemea flipflopu inayosoma D kwenye ukingo wa saa. Katika familia hiyohiyo kuna chipu ya 74HC75, ambayo pia ina ingizo D na tokeo Q, lakini huacha D ipite moja kwa moja kwa muda wote ambao ingizo lake la kuruhusu liko juu. Ukiizungushia XOR na kuweka T = 1, Q itageuka, badiliko hilo litarudi kwenye D, litapita tena, litageuka tena, na mzunguko utapiga mamilioni ya mara kwa sekunde mpaka ingizo la kuruhusu lishuke. Taa ya LED itaonekana imewaka kwa mwanga hafifu, na hali itakayobaki mwishoni ni ya bahati nasibu. Mlinganyo ni uleule, na jedwali ni lilelile.

Wanafunzi wa kundi la kwanza walibakiwa na flipflopu moja isiyotumika kwenye chipu ya pili, wakaitumia kwa biti ya nne: T3 = Q0·Q1·Q2, na D3 ni hiyo ikipitishwa kwenye XOR pamoja na Q3. Kihesabio kikafika 15. Kisha wakataka swichi ya kusimamisha hesabu, na safari hii hakuna aliyeigusa saa. Waliiita E, wakaweka D0 = E ⊕ Q0, wakaiingiza E pia kwenye mnyororo wa AND ili T1 iwe E·Q0, T2 iwe T1·Q1, na T3 iwe T2·Q2. Mageti manne ya XOR na matatu ya AND yalitosha bila kuongeza chipu. Waliigusa swichi saa ikiwa juu, wakaigusa ikiwa chini, na hesabu ilisimama na kuendelea ilipotakiwa. Lilibaki jambo moja, kwamba swichi haina habari na saa: ikibadilishwa wakati uleule wa ukingo, flipflopu moja inaweza kuiona E mpya na jirani yake akaiona ya zamani, na namba ikaruka. Dawa yake ni kuipitisha E kwanza kwenye flipflopu ya D ya peke yake inayotumia saa hiyohiyo, na kwa hilo ilibidi chipu ya tatu ya 74HC74 itolewe kabatini.